Boga Linalobingirika na Kunguru Asiyefika Kwake

Hadithi za Kiajemi huanza kwa maneno ambayo mtoto wa Iran huyajua kabla hajajua kusoma: Yeki bud, yeki nabud, gheir az khoda hichkas nabud. Kwa Kiswahili nayaweka hivi: Alikuwapo mmoja, hakuwapo mmoja, ghairi ya Mungu, hakuwapo hata mmoja. Sisi tuliolelewa na "Paukwa! Pakawa!" tunaona tofauti mara moja, kwa sababu hapa hakuna zamu ya msikilizaji. Msimulizi anayatamka mwenyewe kwa mahadhi, kisha anaingia kwenye kisa.

Wanaotafsiri hadithi hizi mara nyingi hufuta maneno hayo na kuweka "Hapo zamani za kale". Naona ni hasara kubwa. Maneno yale yana kazi: yanauondoa ulimwengu wote, watu na nyumba na milima, hadi abaki Mungu peke yake. Ndipo msimulizi anaanza kuwaingiza watu wake mmojammoja katika uwanja ulio mtupu. Jamalzadeh, aliyefungua njia ya hadithi fupi ya kisasa ya Kiajemi, alikipa kitabu chake cha mwaka 1921 jina hilohilo, Yeki bud, yeki nabud.

Wakati wake hasa ni majira ya baridi, na zaidi usiku wa Yalda, ule ulio mrefu kuliko yote katika mwaka, mwishoni mwa Desemba. Familia ilikaa kuzunguka korsi, yaani meza fupi yenye makaa chini yake, iliyofunikwa kwa mfarishi mzito. Kila mtu aliingiza miguu chini ya mfarishi, makomamanga na tikitimaji vikawekwa mezani, na bibi akasimulia. Redio ya Tehran ilipoanza mwaka 1940, Fazlollah Sobhi akawa msimulizi wa watoto wa nchi nzima, na akawaomba wasikilizaji wamtumie hadithi za kwao. Barua zikaja kutoka kila pembe, naye akazitoa katika vitabu.

Mojawapo ya hadithi zinazopendwa sana Iran ni hii ya boga. Nitaisimulia kwa maneno yangu, lakini mlango wa kuingilia na wa kutokea nitaiachia ileile.

Alikuwapo mmoja, hakuwapo mmoja. Ghairi ya Mungu, hakuwapo hata mmoja.

Alikuwapo ajuza aliyeishi peke yake, na binti yake ameolewa ng'ambo ya mlima. Siku moja akamkumbuka mwanawe, akajitanda shuka lake, akashika fimbo, akatoka. Hajafika mbali, mbwa-mwitu huyu hapa njiani.

"Bibi, unakwenda wapi? Nina njaa, nitakula wewe."

"Bwana Mbwa-mwitu, utakula nini hapa? Mimi ni ngozi na mifupa. Niache niende kwa binti, nile pilau, nile kuku, ninenepe, ninawiri. Nikirudi ndipo unile."

Mbwa-mwitu akaona maneno yana maana, akampisha. Mbele kidogo akamkuta chui. "Bwana Chui, niache niende kwa binti, nile pilau, nile kuku, ninenepe, ninawiri, nikirudi ndipo unile." Chui naye akampisha. Karibu na kilele akamkuta simba, akamwambia yaleyale, na simba akakubali kungoja.

Kwa binti akapokewa vizuri. Akala, akalala, akanenepa kweli, mashavu yakajaa. Siku ya kurudi ilipokaribia akaanza kunyong'onyea.

"Mama, una nini?"

"Mwanangu, njiani wananingoja watatu, na wote nimewaahidi nyama."

Binti akaenda shambani, akachuma boga kubwa kuliko yote. Akalikata juu, akalikomba mbegu na nyama hadi likawa tupu, akamwingiza mama yake, akalifunika, akalisukuma kwenye mteremko. Boga likaanza kubingirika.

Simba akaliona likija, akalizuia kwa mguu.

"Boga, boga la kubingirika, hukumwona ajuza akipita?"

Sauti ikatoka ndani: "Sikumwona ajuza, sikumwona mtu, nisukume niende, safari yangu ni kwetu."

Simba akalisukuma. Boga likafika kwa chui, akauliza lilelile, akajibiwa lilelile, naye akalisukuma. Likafika kwa mbwa-mwitu.

"Boga, boga la kubingirika, hukumwona ajuza akipita?"

"Sikumwona ajuza, sikumwona mtu, nisukume niende, safari yangu ni kwetu."

Mbwa-mwitu akainamisha sikio. "Mbona sauti hii naijua? Wewe ndiye bibi. Sasa nitatoboa na kuingia humohumo."

Akatoboa upande mmoja, akapenya kichwa, akapenya mabega. Mle ndani ajuza akasukuma kifuniko upande wa pili, akatoka mbio. Mbwa-mwitu alipokwisha kuingia mwili mzima, akakuta mbegu mbili tatu zilizosahauliwa. Ajuza akafika kwake, akafunga mlango kwa komeo, akateleka chai.

Tulipanda, palikuwa na mtindi. Tuliposhuka, palikuwa na dugh. Hadithi yetu ilikuwa uongo. Hadithi yetu imefika, kunguru kwake hajafika.

Hapo ndipo kisa kinapoishia. Wataalamu wa hadithi wanakihesabu katika kundi la mawindo wanaoomba wasubiriwe hadi wanenepe, na kundi hilo ni kubwa. Kule Bengali pia yuko bibi anayesafiri ndani ya boga. Jambo la kulichunga unapokisimulia ni mpangilio wa wanyama. Kwenda ni mbwa-mwitu, chui, simba. Kurudi ni simba, chui, mbwa-mwitu, kwa kuwa njia ni moja. Ukiwachanganya, mtoto atakushika. Zaidi ya hapo utapoteza utamu wa mwisho, maana anayegundua hila ni yule aliyedanganywa mapema zaidi, na amesimama karibu kabisa na nyumba.

Sasa yale maneno ya kufungia. Mtindi kwa Kiajemi ni mast. Dugh ni mtindi huohuo uliotiwa maji na chumvi, mara nyingi na nanaa kavu. Dugh ina vina na dorugh, yaani uongo. Mast ina vina na rast, yaani kweli. Kwa hiyo kuna msimulizi anayepanda kwenye mtindi na kushukia kwenye dugh, hadithi yake ikawa uongo. Na kuna anayepanda kwenye dugh na kushukia kwenye mtindi, hadithi yake ikawa kweli. Vina vyenyewe ndivyo vinavyoamua hukumu. Kwa Kiswahili vina hivyo vinapotea, na sikuona njia ya kuviokoa bila kuubadili mtindi kuwa kitu kingine, basi nikauacha mtindi ulivyo.

Kunguru ana habari yake. Hatajwi popote ndani ya kisa, wala hakuna anayeeleza alikuwa akitoka wapi. Anatokea mstari wa mwisho tu, katika hadithi baada ya hadithi, na kila mara hafiki. Wahariri humwondoa kwa kudhani ni pambo lisilo na maana. Lakini usomeni mstari ule baada ya hadithi ya boga: ajuza ameshinda mlima na wanyama watatu, amefika kwake, komeo limefungwa, kunguru bado yuko angani. Mtoto anayesikiliza huuliza papo hapo kwa nini hafiki, na msimulizi huwa hana la kumjibu isipokuwa kuanza hadithi nyingine.