Kaunti 47 kwa Rangi Tano

Ramani ya rangi za viwango hupaka kila eneo la utawala rangi kulingana na takwimu yake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 inafaa kuwa mfano, kwa kuwa inagusa karibu kila tatizo la kazi hii.

Vinahitajika vitu viwili: faili la mipaka ya kaunti 47 na jedwali la takwimu. Ili viunganishwe, lazima kila kimoja kiwe na safu yenye maandishi yaleyale. Majina ya kaunti ndiyo huponza wengi. Faili moja lina “Elgeyo-Marakwet” na jingine “Elgeyo/Marakwet”. Alama ya Murang’a huandikwa kwa namna mbili tatu. Nairobi mara nyingine huitwa Nairobi City. Jicho la mtu huyasamehe hayo, kompyuta haisamehi. Ni salama zaidi kutumia namba za kaunti, kuanzia Mombasa (1) hadi Nairobi (47), ingawa nazo hukataa kuoana ikiwa upande mmoja umeandikwa “001” kama maandishi. Katika QGIS safu hiyo hugeuzwa kuwa namba hivi:

```
to_int("kodi")
```

Baada ya kuunganisha, jedwali la tabaka la mipaka hufunguliwa na kukaguliwa. Kila penye `NULL` pana kaunti iliyokosa mwenzake.

Idadi ghafi ya watu haifai kupakwa rangi. Turkana ina watu zaidi ya 900,000 na Vihiga takriban 590,000, hivyo Turkana ingekolea zaidi, ilhali ina watu 14 tu kwa kilomita ya mraba na Vihiga 1,047. Kinachopakwa ni msongamano.

Hapo ndipo kwenye uamuzi mgumu, wa kugawa madaraja. Msongamano unaanzia 6 Marsabit hadi 6,247 Nairobi. Ukigawanywa katika madaraja matano yenye upana sawa, Nairobi na Mombasa huingia daraja la juu, kaunti nyingine zote 45 hurundikana la chini, na matatu ya kati hubaki matupu. Ramani hiyo haisemi lolote. Mgawanyo unaoweka idadi sawa ya kaunti katika kila daraja hupendeza macho, lakini huipa Kisii, yenye watu 958, rangi moja na Nairobi.

Afadhali mipaka ipangwe kwa mkono: 20, 100, 300, kisha 2,000. Mpaka wa mwisho ungewekwa 1,000, ungeitenga Vihiga na Kisii zinazokaribiana sana. Kwa 2,000, miji miwili mikubwa husimama peke yake. Rangi iwe moja, ikikolea kadiri msongamano unavyopanda, na kaunti isiyo na takwimu ipakwe kijivu, kwani nyeupe ingesomwa kama msongamano mdogo kabisa.