Futari ya mtaa mzima: kutoka tangazo hadi sinia

“Majirani wote mnakaribishwa kufuturu pamoja Jumamosi hii, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya msikiti. Aliyefunga na asiyefunga, Mwislamu na asiye Mwislamu, mkubwa na mdogo. Watoto watakula saa kumi na moja jioni. Watu wazima tuwe mikekani ifikapo saa kumi na mbili na robo. Hakuna mchango mlangoni. Kuna pilau ya nyama ya ng’ombe, na wali mtupu kwa maharage kwa asiyekula nyama. Mwenye mgonjwa au mzee asiyeweza kutoka amwambie balozi wake kabla ya Ijumaa adhuhuri, apelekewe nyumbani. Kila mtu aje na bilauri yake.”

Tangazo kama hili linatosha kwa mtaa wa watu mchanganyiko, tuseme pale Tanga, unaotaka kufuturisha majirani bila kubagua. Ni fupi kiasi cha kusomwa kwa kipaza sauti baada ya swala ya Ijumaa, kubandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kupelekwa nyumba kwa nyumba na mabalozi. Lakini kila sentensi yake imebeba kazi ya jikoni, na ikikosekana moja, pengo litaonekana Jumamosi jioni.

Tuanze na neno “wote”. Tangazo likisema futari ni ya wasiojiweza, wasiojiweza hawaji. Mama aliyekosa cha kupika hataki mtaa mzima umwone akipanga foleni ya maskini. Akiitwa kama jirani, akakaa mkeka mmoja na mwenye duka na mwalimu, anakula bila kuona haya, na hakuna atakayejua nani alikuja kwa njaa na nani alikuja kwa ujirani. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa ya kuufungua mlango kwa kila mtu, kabla ya sababu nyingine yoyote.

Uamuzi huo unagusa fedha moja kwa moja. Zaka ina makundi manane ya wapokeaji, yaliyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 60, na jirani tajiri kwa kawaida hayumo. Fidia, anayotoa mzee au mgonjwa asiyetarajia kuweza kufunga, ni ya kulisha maskini. Kwa hiyo futari ya wazi hugharamiwa kwa sadaka, ambayo mtu yeyote anaweza kuila. Anayepokea michango amuulize kila mtoaji nia yake papo hapo na kuandika madaftari mawili. Fedha zikishachanganywa kwenye mfuko mmoja, hakuna namna ya kuzitenganisha, na aliyetoa fidia yake atabaki na wasiwasi kama imemfikia mstahiki.

Sasa sufuria. Harusi ina kadi za kuhesabia wageni. Futari ya wazi haina. Kamati hukisia. Tuseme imekisia watu wazima 200. Kwa pilau, kilo moja ya mchele hulisha watu wazima wanane hivi, basi zinahitajika kilo 25. Nyama yenye mifupa, kilo 20 zinatosha ikiwa vipande ni vidogo. Tende tatu kwa kila mtu ni karibu kilo tano. Uji, bilauri moja kwa mtu, ni lita 50. Kilo hizo 25 za mchele zisipikwe kwenye sufuria moja. Sufuria kubwa mno huunguza ukoko chini wakati juu mchele bado mgumu, hata makaa yakiwekwa juu ya mfuniko. Mbili za kilo 12 na nusu humpa mpishi nafasi ya kugeuza vizuri.

Je, wakija 260? Wengi hujikinga kwa kupika chakula cha ziada tangu mchana. Mimi nasema akiba ibaki mbichi. Wekeni kando kilo nane za mchele mkavu, sufuria ya tatu, na supu ya nyama inayoendelea kuchemka. Saa kumi na moja na nusu mtu mmoja apite kuhesabu vichwa. Mikeka ikiwa imeshajaa zaidi ya nusu, sufuria ya tatu inapanda mafigani. Itaiva ndani ya saa moja, na futari yenyewe ina pumziko lake: watu hufungua kwa tende, maji na uji, wanaswali magharibi, ndipo masinia yanaletwa. Watu wasipozidi, mchele mkavu unagawiwa kwenye nyumba zinazouhitaji, bila hofu ya kuharibika.

Hofu hiyo ina msingi. Mchele unaweza kuwa na vijidudu viitwavyo Basilasi sereasi, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa kadhaa, mbegu hizo huamka, huzaana, na kuacha sumu ambayo moto wa pili hauiondoi. Mtu huanza kutapika kati ya saa moja na sita baada ya kula. Mchuzi wa nyama uliopoa polepole ndani ya sufuria kubwa una hatari ya namna yake, na huo huleta tumbo la kuendesha kesho yake. Wala pua haisaidii, kwa sababu chakula cha namna hii mara nyingi hakinuki vibaya. Cha kuangalia ni saa na joto. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kikae juu ya nyuzi joto 60 hadi kinapoliwa, na kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Kwa mpishi asiye na kipimajoto, maana yake ni hii: pilau isipakuliwe kwenye masinia kabla watu hawajakaa. Ikae sufuriani, imefunikwa, makaa juu na chini, na mwiko ukizamishwa mvuke utoke kwa nguvu.

Maji ya kunawa hukadiriwa kidogo kila mara. Nusu lita kwa mtu ni lita 100 kwa watu 200, yaani madumu matano ya lita 20, mbali na ya kunywa. Koki moja huhudumia watu watatu kwa dakika wakinawa kwa sabuni ipasavyo. Kwa nusu saa ni watu 90 tu. Wekeni ndoo tatu zenye koki, moja upande wa wanawake, moja upande wa wanaume, na ya tatu mahali pa watoto.

Watoto nao hulishwa mapema kwa sababu ya wazi: wengi wao hawajafunga, na njaa ya mtoto haisubiri adhana. Wakishakula saa kumi na moja, mama zao wanafuturu kwa utulivu.

Vyakula vya wagonjwa hupakuliwa kwanza, mara tu pilau inapoiva, na vijana wawili wawili huvipeleka kufuatana na orodha ya mabalozi. Kila chombo kina jina la nyumba, na anayekipokea anaambiwa kiliwe usiku huohuo. Watu wa pwani tunapenda kiporo cha pilau na chai ya asubuhi, najua. Pilau ya shughuli, iliyopita mikono mingi na kukaa nje kwenye joto, isilazwe. Kinachobaki kigawiwe kingali cha moto, kabla ya swala ya isha, na sufuria zioshwe palepale.