Umeamka Ukapata Sufuria Tupu na Hukumbuki Kudishi? Cheki Hiyo Dawa Yako ya Usingizi

Piga picha uko kwenu Kibuyuni. Usingizi umekukataa wiki nzima, beshte akakupa tembe moja ya kulala, ukameza saa tatu usiku. Asubuhi mathee anarudi kutoka shamba la mwani na swali moja: nani alimaliza wali wa jana na kuacha jiko likiwaka? Unaapa si wewe. Lakini kidole kina alama ya kuungua, na shuka lina punje za wali.

Maze, usikimbilie kusema ni jini. Hii kitu inajulikana hospitalini: mtu anakula akiwa nusu usingizini. Dawa inayotajwa sana ni zolpidem, na hilo jina utalipata kwenye pakiti. Inatuliza ubongo haraka, lakini si lazima sehemu zote zilale pamoja. Ile ya kutembea na kushika vitu inaweza kuamka, huku ya kufikiria na kuweka kumbukumbu ikiwa bado imezima. Ndiyo maana macho yako wazi, unafungua sufuria, na kesho hukumbuki chochote.

Shida si kuiba chakula. Shida ni kwamba huyo msee hachagui. Anaweza kutafuna nyama mbichi, au kitu ambacho hata si chakula. Anaweza kuwasha moto, kushika kisu, au kutoka nje kwenye giza, na bahari iko hapo tu. Mwaka wa 2019, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliweka onyo lake kali zaidi kwa zolpidem na dawa mbili za jamii yake. Ilikuwa imehesabu visa 66 vya watu walioumia vibaya wakifanya mambo usingizini, na 20 kati yao walikufa. Wengine walikuwa wamemeza dozi ndogo tu, wengine ilikuwa mara yao ya kwanza.

Pombe inaongeza hatari, kwa hivyo usichanganye. Pia ukimeza, panda kitandani hapo hapo. Usibaki ukiskroli simu.

Na kama imeshakutokea hata mara moja, usimeze nyingine. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Msambweni au zahanati iliyo karibu, ubebe pakiti, useme ukweli. Kama umeitumia kwa miezi, mwambie daktari kabisa, kwa sababu kuiacha ghafla nako kunaweza kusumbua mwili. Kuna watu hula usingizini bila dawa yoyote, kwa hivyo yeye ndiye atajua chanzo.

Wewe unayeishi naye, ukimkuta jikoni usimpigie kelele wala kumvuta. Zima moto, ondoa kisu, mrudishe kitandani polepole. Asubuhi mwambie ulichoona, kwa sababu yeye mwenyewe hana habari.