Ukiuza Biashara, Deni Linabaki kwa Nani?

Mwenye kiwanda cha mikate Morogoro anauza biashara yake. Shule moja inamdai mikate haidai, bali yeye anaidai malipo; naye anadaiwa unga aliouchukua kwa mkopo.

Akimhamishia mnunuzi haki pekee, shule ikiarifiwa italipa mmiliki mpya. Deni la unga halihami hivyo: mnunuzi asipolipa, msambazaji atamfuata muuzaji.

Ili muuzaji awe huru, wote watatu, pamoja na msambazaji, wakubaliane mkataba mpya uchukue nafasi ya ule wa zamani. Hapo, kwa kifungu cha 62 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, mkataba wa awali haulazimiki tena kutekelezwa. Muuzaji, usikabidhi funguo kabla msambazaji hajasaini.