Ekari, hekta na hatua: kupima ukubwa wa kiwanja kabla ya kukinunua

Ardhi ya Kenya na Tanzania huuzwa kwa vipimo vya aina mbili vinavyokwenda sambamba. Mita na hekta ndizo zinazoandikwa kwenye hati na ramani za upimaji. Futi, yadi na ekari zilibaki tangu enzi ya Waingereza, na mpaka leo ndizo zinazotajwa midomoni na kwenye mabango ya wauzaji. Nje ya hizo zote ipo hatua, au mguu kama wanavyosema wengi Tanzania, ambayo haimo katika hati yoyote lakini ndiyo inayouza mashamba mengi yasiyopimwa. Mnunuzi anayelinganisha kiwanja na kiwanja hana budi kuvirudisha vyote kwenye kipimo kimoja, na kinachomfaa zaidi ni mita ya mraba, kwa sababu bei ikigawanywa kwayo hutoa jibu ambalo kila mtu analielewa.

Kwa urefu, hesabu ni nyepesi. Futi 1 ni mita 0.3048. Yadi 1 ni futi 3, yaani mita 0.9144. Ukitoka kwenye mita kwenda kwenye futi, mita 1 ni futi 3.28. Kwa eneo, vipimo vinavyotajwa sana sokoni ni hivi, vikiwa vimekaribishwa kwenye namba nzima:

| Kinachotajwa | Mita za mraba | Futi za mraba |
|---|---|---|
| Futi 40 kwa 80 | 297 | 3,200 |
| Mita 20 kwa 20 | 400 | 4,306 |
| Futi 50 kwa 100 | 465 | 5,000 |
| Moja ya nane ya ekari | 506 | 5,445 |
| Mita 20 kwa 30 | 600 | 6,458 |
| Futi 100 kwa 100 | 929 | 10,000 |
| Robo ekari | 1,012 | 10,890 |
| Nusu ekari | 2,023 | 21,780 |
| Ekari 1 | 4,047 | 43,560 |
| Hekta 1 | 10,000 | 107,639 |

Hekta 1 ni ekari 2.47. Tofauti hiyo inahitaji uangalifu wa pekee Tanzania, ambako mtu akisema "heka" mara nyingi anakusudia ekari, huku msikilizaji akiwaza hekta. Shamba la "heka nne" linaweza kuwa mita za mraba 16,000 au 40,000, kutegemea nani anasema na nani anasikia.

Makosa mengi ya kugeuza vipimo hutokana na kulichukulia eneo kama urefu. Mtu anayejua kwamba mita 1 ni futi 3.28 huchukua kiwanja cha mita za mraba 600, akazidisha kwa 3.28, akapata futi za mraba 1,968. Jibu sahihi ni 6,458, kwa kuwa eneo lina pande mbili na namba hiyo huzidishwa mara mbili: 3.28 mara 3.28 ni 10.76. Kosa hilohilo hujitokeza wakati wa kukata shamba. Ikiwa ekari ni hatua 70 kwa 70, wapo wanaokubali kwamba nusu ekari ni 35 kwa 35. Ukizidisha, 35 kwa 35 ni 1,225, na 70 kwa 70 ni 4,900. Aliyelipia nusu amepewa robo. Nusu ekari ni 35 kwa 70, upande mmoja tu ndio unaokatwa.

Hiyo "sabini kwa sabini" yenyewe haikuzuka hivihivi. Ekari ni yadi za mraba 4,840, na mraba wenye upande wa yadi 70 una yadi za mraba 4,900. Kwa hiyo kanuni ni nzuri, ilimradi kila hatua iwe yadi moja kamili, sentimita 91. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mtu mzima akitembea kwa mwendo wake wa kawaida, hatua yake huwa kati ya sentimita 70 na 80. Tukichukua 75, hatua 70 ni mita 52.5, na shamba zima ni mita za mraba 2,756, yaani ekari 0.68. Mnunuzi wa namna hiyo akilipia ekari tatu, anaondoka na mbili na kidogo. Kwa upande mwingine, muuzaji anayepima mita 70 kwa 70 anatoa mita za mraba 4,900, ambazo ni ekari 1.21, na yeye ndiye anayepunjika. Ekari halisi yenye umbo la mraba ina upande wa mita 63.6.

Hatua pia haikai mahali pamoja hata kwa mtu yuleyule. Hufupika kwenye nyasi ndefu, kwenye matuta ya mihogo na kwenye mpando, na hurefuka pale dalali anapotanua miguu makusudi mbele ya mteja, kisha anarudia mwendo wake wa kawaida akifika katikati ya shamba. Dawa yake ni futi kamba ya mita 30 au 50, watu wawili, na vijiti vya kuchomeka kila kamba inapoishia. Kamba ivutwe ikaze. Ikilegea au ikipita juu ya kichaka, inasoma zaidi ya umbali halisi, na kiwanja kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kwenye mteremko mkali, kamba ishikwe mlalo kwa vipande vifupi badala ya kulazwa juu ya ardhi, kwa sababu ramani za upimaji huhesabu umbali wa mlalo.

Kenya tatizo ni la sura nyingine. Huko ploti hutajwa kwa futi, na "hamsini kwa mia" huitwa moja ya nane ya ekari. Jedwali linaonyesha kwamba si sawa: futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 465, na moja ya nane kamili ni 506. Wapimaji nao, wakipanga ploti kwa mita, huweka mara nyingi 15 kwa 30, na hati inapotoka inasoma hekta 0.045, yaani mita za mraba 450. Mnunuzi aliyeambiwa moja ya nane amekosa mita za mraba 56, zaidi ya asilimia 11, bila mtu yeyote kusema uongo wa wazi. Hali ni hiyohiyo kwa futi 100 kwa 100 inayoitwa robo. Hekta za kwenye hati hugeuzwa kwa kuzidisha kwa 10,000: 0.045 inakuwa 450, na 0.1012 inakuwa 1,012, ambayo ndiyo robo ekari ya kweli.

Chukulia sasa mnunuzi wa pembezoni mwa Dar es Salaam aliyeonyeshwa maeneo matatu. La kwanza ni kiwanja kilichopimwa cha mita za mraba 600 kwa shilingi milioni 9. La pili halijapimwa, linatajwa "ishirini kwa thelathini" kwa milioni 7.2. La tatu ni nusu ekari ya shamba kwa milioni 18. Kwa maneno ya muuzaji, la kwanza ni shilingi 15,000 kwa mita ya mraba, la pili 12,000, la tatu karibu 8,900. Kila mtu angekimbilia la tatu, na la pili lingelipita la kwanza.

Kamba ikishaletwa, mambo yanageuka. Ishirini kwa thelathini zilikuwa hatua, na pande zake zinatoka mita 15.2 kwa 22.6. Eneo ni mita za mraba 343.5, na milioni 7.2 ukiigawa kwa hizo unapata karibu shilingi 20,960 kwa mita. Kiwanja kilichoonekana nafuu ndicho ghali kuliko vyote, tena hakijapimwa. Nusu ekari nayo ilihesabiwa hatua 35 kwa 70, na kwa kamba inatoka mita 26.6 kwa 53.2, sawa na mita za mraba 1,415. Bei yake halisi ni shilingi 12,720 kwa mita. Bado ni ndogo kuliko ya kwanza, lakini pengo lililokuwa la shilingi 6,100 limebaki 2,280, na katika pengo hilo mnunuzi atatakiwa kulipia upimaji. Kama njia ya kuingilia ya upana wa mita 4 inakatwa ndani ya shamba lake kwa urefu wote wa mita 53.2, mita za mraba 213 zinaondoka, zinabaki 1,202, na bei inafika 14,970. Hapo maeneo ya kwanza na ya tatu yamelingana.

Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba pembe za kiwanja ni za mraba. Pande peke yake hazitoshi kuthibitisha hilo. Kiwanja chenye pande za mita 20, 30, 20 na 30 kinaweza kuwa na mita za mraba 600, au kikiwa kimeegemea kwa pembe ya nyuzi 60 kikabaki na 520 tu, ingawa kila upande ukipimwa unatoa namba ileile. Kinachofichua ni ulalo, umbali kutoka kona moja hadi kona ya mkabala. Kwa mita 20 kwa 30 zenye pembe mraba, ulalo zote mbili ni mita 36.06. Moja ikitoka mita 26.5 na nyingine karibu 43.6, kiwanja kimelala upande. Kwa ploti ya mita 15 kwa 30, ulalo ni mita 33.54. Pande zinapokuwa hazilingani kabisa, ulalo mmoja hugawa kiwanja kuwa pembetatu mbili, kila moja huhesabiwa peke yake, kisha zinajumlishwa. Njia ya madalali ya kuchukua wastani wa pande zinazotazamana na kuzidisha haipunguzi eneo hata siku moja; hulizidisha.

Simu zinazotoa eneo kwa kuzunguka mipaka zinasaidia kwa mashamba makubwa. Kwa kiwanja kidogo hazifai kuamulia bei, kwa kuwa simu hukosea mahali kwa mita kadhaa hata penye uwazi. Kosa la mita 3 kwenye kila upande wa kiwanja cha 20 kwa 20 laweza kukionyesha kuwa mita za mraba 289 au 529.

Hata hati ina mipaka yake. Kenya, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kwamba ramani za usajili huonyesha mipaka kwa makadirio, isipokuwa pale ilipowekwa rasmi kwa upimaji kamili, na ndiyo maana hati nyingi zinataja eneo kuwa ni la kukadiria. Kwa ardhi yenye bikoni, mnunuzi hulinganisha urefu ulioandikwa kwenye ramani ya upimaji na ule wa kamba kutoka bikoni hadi bikoni. Zikipishana kwa zaidi ya sentimita chache, mpima ardhi aliyesajiliwa ndiye wa kuamua kama bikoni imehamishwa. Kwa ardhi isiyopimwa, mkataba wa mauziano huandikwa urefu wa kila upande kwa mita, ulalo mmoja na eneo kwa mita za mraba, na neno "hatua" halitiwi humo.