Supanova aina ya Ia

Supanova aina ya Ia ni mlipuko unaoharibu kabisa nyota ya aina ya kibete cheupe. Milipuko hii hutumiwa kupima umbali wa galaksi za mbali, na mwaka 1998 ilionyesha kwamba upanuzi wa ulimwengu unaongeza kasi.

Kibete cheupe ni kiini kilichobaki cha nyota iliyomaliza fueli yake. Ukubwa wake unakaribia ule wa Dunia, ingawa masi yake hukaribia ile ya Jua. Kikipokea mata kutoka nyota jirani, au kikiungana na kibete kingine, kaboni iliyomo huweza kuwaka ghafla kwa myeyungano wa kinyuklia. Hutokea nikeli nururifu nyingi inayobadilika kuwa kobalti, halafu chuma, na nishati yake ndiyo inayoangaza mlipuko. Baada ya wiki 3 hivi mwangaza hufikia kilele sawa na majua bilioni kadhaa.

Supanova hizi huitwa "mishumaa sanifu", ingawa jina hilo si sahihi kabisa, kwa sababu hazilingani. Mwaka 1993 Mark Phillips alionyesha kwamba zile angavu zaidi hufifia polepole zaidi. Kwa hiyo supanova hufuatiliwa kwa wiki kadhaa, na kasi ya kufifia kwake hutumika kusahihisha mwangaza wake.

Mwangaza halisi ukijulikana, umbali hupatikana kwa hesabu: taa ikipelekwa mara mbili mbali zaidi, mwanga unaotufikia hupungua mara nne. Spektra nayo huonyesha ni kwa kiasi gani ulimwengu umetanuka tangu mwanga ulipoanza safari.

Timu mbili, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt pamoja na Adam Riess, zilitarajia kupima jinsi graviti inavyopunguza kasi ya upanuzi. Matokeo yalikuwa kinyume: supanova za mbali zilikuwa hafifu mno. Kwa mfano, supanova ambayo mwanga wake unaotufikia ni asilimia 80 tu ya uliotarajiwa iko mbali zaidi kwa takriban asilimia 12. Maana yake mwanga ulisafiri muda mrefu zaidi, hivyo ulimwengu ulichukua muda mrefu zaidi kutanuka kwa kiasi kilekile. Zamani ulitanuka polepole kuliko ilivyodhaniwa.

Je, vumbi lingeweza kuzuia mwanga huo? Vumbi la kawaida hufanya mwanga uwe mwekundu zaidi, na rangi hiyo hupimika. Kulikuwa na wazo la vumbi lisilobadilisha rangi, lakini hilo lingefanya supanova za mbali zaidi zizidi kufifia. Supanova 1997ff, iliyochunguzwa kwa darubini ya anga-nje ya Hubble, ilikuwa angavu kuliko nadharia hiyo ilivyotabiri. Mwanga wake ulitoka wakati graviti ilipokuwa bado inapunguza kasi ya upanuzi.

Perlmutter, Schmidt na Riess walipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011. Kisababishi cha ongezeko la kasi huitwa nishati ya giza. Asili yake bado haijulikani.