Depo ya katikati yaweza kukuongezea gharama

MSAMBAZAJI anayefungua depo moja zaidi ya anazohitaji hulipa pango, mlinzi na karani kila mwezi bila mji mpya hata mmoja kufikiwa. Kosa hilo mara nyingi huanzia kwenye depo ya kwanza.

Tuchukue msambazaji wa sabuni mwenye wateja katika miji sita: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Mwanza. Kwa barabara, umbali kati ya mji na mji unaofuata ni takriban kilomita 195, 260, 240, 220 na 245. Lori lake lazima liende na kurudi siku hiyo hiyo, hivyo ameweka kikomo cha kilomita 270 kutoka depo.

Wengi wangeanza na Dodoma kwa kuwa iko katikati. Depo hiyo inafikia Morogoro, Dodoma na Singida. Lakini Dar es Salaam inabaki upande mmoja, Nzega na Mwanza upande mwingine, na hakuna depo moja inayofikia pande zote mbili. Jumla zinakuwa depo tatu.

Njia bora ni kuanza na mji wenye uchaguzi mdogo. Andika majina ya miji, na mbele ya kila mji orodhesha depo zinazoweza kuufikia. Dar es Salaam inafikiwa kutoka Dar es Salaam yenyewe au Morogoro tu. Mwanza inafikiwa kutoka Mwanza au Nzega tu. Orodha hizi mbili hazina jina linalofanana, kwa hiyo depo haziwezi kupungua mbili.

Je, mbili zinatosha? Morogoro inafikia Dar es Salaam na Dodoma. Nzega inafikia Singida na Mwanza. Miji yote sita imepata depo, na tumekwisha kuona kuwa hakuna mpango wenye depo pungufu.

Hata hivyo, hesabu hii ina mipaka yake. Kwanza, inategemea mno kikomo. Kikishuka hadi kilomita 250, Morogoro haifikii tena Dodoma, na depo ya tatu inahitajika. Kabla ya kusaini mkataba wa pango, rudia hesabu kwa kikomo cha chini na cha juu kidogo.

Pili, hesabu inachukulia kuwa depo zote zina gharama sawa na hazijai. Pango likitofautiana, linganisha jumla ya gharama badala ya idadi ya depo. Iwapo Dar es Salaam peke yake inamaliza mzigo wote wa Morogoro, Dodoma itakuwa ndani ya kikomo kwenye karatasi, lakini rafu za wateja wake zitakuwa tupu.